Kijana aliyedhani anakufa Magomeni

Mvua za masika zikinyesha usiku kucha, bonde la Msimbazi hujaa maji na barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani. Asubuhi yake mabasi ya mwendokasi hupanga foleni kuanzia Magomeni, abiria wamebanana, vioo vimeshika ukungu, na hakuna anayejua yataondoka saa ngapi. Katika basi la namna hiyo alikuwamo kijana wa miaka 26, mkazi wa Kimara, anayeuza kava, chaja na vioo vya simu katika duka la mjomba wake Kariakoo.

Sijamtaja jina kwa sababu si mtu mmoja. Nimemjenga kutokana na yanayowapata vijana wengi wa mijini, ili msomaji aweze kufuata jambo hili hatua kwa hatua, tangu siku lilipoanza hadi kwenye matibabu.

Usiku ule alilala saa tatu tu. Alikuwa na deni la mkopo wa kausha damu, na simu za kumkumbusha zilianza kuingia alfajiri. Hakunywa chai. Alinunua kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu kituoni, akalimaliza amesimama. Basi lilipokwama Magomeni, alihisi joto likimpanda kutoka tumboni hadi shingoni. Moyo ukaanza kwenda mbio, kisha ukawa unapiga kwa nguvu kiasi kwamba alidhani jirani yake anausikia. Kifua kikambana. Akavuta pumzi, haikutosha. Akavuta nyingine kwa haraka zaidi. Vidole vikaanza kufa ganzi, midomo ikamchonyota, na sauti za watu zikawa kama zinatoka mbali. Ndipo likamjia wazo moja: ninakufa hapa hapa.

Wazo hilo halikutoka hewani. Mwaka uliopita baba yake mdogo alianguka ghafla bafuni akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Waliokuwepo walisema alianza kwa kulalamika kifua.

“Kaka, vipi? Mpisheni apate hewa!” alisema mama mmoja aliyekuwa karibu naye. Mlango ulipofunguliwa alishuka, akakaa kwenye ukingo wa barabara huku jasho likimtiririka, na bodaboda akampeleka hospitali ya karibu.

Kule walifanya walichopaswa kufanya. Muuguzi alimpima presha ikawa 148 kwa 92, mapigo ya moyo 124 kwa dakika. Walipima malaria, hakuna. Sukari ilikuwa sawa. Walimfanyia kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kubandikwa nyaya kifuani, na mchoro ukaonyesha moyo unaokwenda haraka lakini kwa mpangilio wake wa kawaida. Baada ya nusu saa walimpima tena: presha 124 kwa 80, mapigo 86. Ganzi imeisha, kifua kimeachia. Daktari aliyekuwa zamu, na nyuma yake foleni haijapungua, akamwambia, “Huna tatizo. Punguza mawazo, ulale vizuri.”

Sentensi hiyo hutamkwa kila siku katika hospitali zetu, na kwa maoni yangu ndiyo inayowapoteza wagonjwa wengi wa aina hii. Daktari alikuwa sahihi kwamba moyo ulikuwa mzima. Lakini kijana aliyetoka pale alikuwa na swali kubwa kuliko aliloingia nalo: kama sina tatizo, basi kile kilichonitokea ni nini? Na kama hawakukiona leo, si kitanimaliza kesho?

Kilichomtokea huitwa shambulio la hofu. Ni wimbi la hofu kali linalokuja ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika chache, kwa kawaida kama kumi hivi, kisha hushuka lenyewe. Huambatana na dalili za mwili: moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka, kukosa pumzi, kifua kubana, kichefuchefu, kizunguzungu, ganzi, na hisia kwamba mambo yote si ya kweli. Juu ya hizo huja hofu ya kufa au ya kurukwa na akili. Si lazima mtu awe nazo zote. Wala si jambo la nadra: uchunguzi uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi 25 ulionyesha kwamba watu kama 13 katika kila 100 hupatwa na shambulio angalau moja maishani.

Kila dalili katika orodha hiyo ina sababu yake. Ubongo ukihisi hatari huamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini. Moyo huongeza kasi ili damu ifike kwenye misuli ya miguu na mikono, jasho hutoka ili kuupoza mwili, na pumzi hukimbia ili kuongeza oksijeni. Ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Kama pana nyoka mbele yako, unakimbia, na pumzi yote ile inatumika. Kijana wetu alikuwa amesimama wima katikati ya watu, hana pa kukimbilia, huku akihema kama mtu aliye mbioni.

Kuhema kwa kasi bila kukimbia huitoa mwilini hewa ukaa nyingi kuliko inavyohitajika. Watu hudhani hewa hiyo ni uchafu mtupu, lakini damu inahitaji kiasi chake ili kemia yake ikae sawa. Ikipungua ghafla, mishipa midogo ya damu kichwani husinyaa kidogo na mtu hupata kizunguzungu. Neva nazo huwa nyepesi kushtuka, na hapo ndipo hutoka ganzi ya vidole na mchonyoto wa midomo. Wengine vidole hukakamaa kabisa, na ndugu wakiona hivyo hudhani ni kifafa. Kinachosumbua zaidi ni kwamba mtu aliye katika hali hii hujiona hana hewa, kumbe amevuta kupita kiasi. Anavyozidi kuvuta, ndivyo dalili zinavyozidi.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alieleza kinachoendelea kichwani wakati huo. Alisema shambulio linaanza pale mtu anapokitafsiri vibaya kitu cha kawaida kinachotokea mwilini. Moyo umeruka pigo moja, au umeongeza kasi kwa sababu ya kahawa, njaa au usingizi mchache. Mtu wa kwanza hajali. Wa pili anasema, “Ndiyo yale yale ya baba mdogo.” Wazo hilo linaleta hofu, hofu inaleta adrenalini, adrenalini inaukimbiza moyo zaidi, na moyo ukikimbia zaidi wazo linapata ushahidi. Mzunguko ukishakamilika mara mbili tatu, mtu yuko kileleni.

Kwa kijana wetu vitu viwili vilikuwa vimeshaandaliwa tangu asubuhi: kafeini ya lile kopo kwenye tumbo tupu, na kumbukumbu ya msiba. Kukwama Magomeni kulikuwa cheche tu.

Kama mambo yangeishia hapo, pasingehitajika matibabu yoyote. Wengi hupatwa mara moja au mbili kisha yakapita. Ugonjwa huanza pale mashambulio yanaporudi bila taarifa na mtu akakaa mwezi mzima au zaidi akiogopa lijalo, au akabadilisha maisha yake ili kulikwepa. Katika uchunguzi ule wa nchi 25, waliofika hapo hawakuzidi wawili katika kila 100. Maana yake ni kwamba kati ya shambulio na ugonjwa kuna njia, na nadhani inafaa kuangalia kijana huyu aliipita vipi.

Shambulio la pili lilimpata dukani, siku ambayo hakukuwa na foleni wala mvua. La tatu lilimwamsha usingizini saa nane usiku, moyo unadunda. (Hilo si jinamizi. Mwenye jinamizi huamka akashindwa kusogea. Mwenye shambulio la usiku husimama akatembea chumbani.) Tangu hapo akaanza kuweka kinga zake. Aliacha mwendokasi, akawa anatumia bodaboda kutoka Kimara hadi Kariakoo, gharama iliyomla faida yote ya siku. Alipolazimika kupanda daladala alikaa karibu na mlango. Alitembea na chupa ya maji. Alijipima mapigo shingoni kwa vidole viwili mara kwa mara, hata akiwa anamhudumia mteja. Aliacha kucheza mpira Jumapili kwa sababu akikimbia moyo ulikwenda mbio, na moyo kwenda mbio ndicho alichokuwa anakiogopa. Rafiki mmoja alimpa vidonge vichache vya diazepamu. Akimeza kimoja alitulia na kulala, na kimoja akawa anakiweka mfukoni kila anapotoka.

Kila kinga ilimpa nafuu ya siku hiyo. Tatizo la kinga hizi ni somo zinalomwachia mtu. Akishuka njiani na shambulio likapoa, akili haisemi, “Lilikuwa linapoa lenyewe.” Inasema, “Nimenusurika kwa sababu nimeshuka.” Akifika salama na kidonge mfukoni, sifa zinakwenda kwa kidonge. Hivyo anaweza kupatwa na mashambulio hamsini, yote yakaisha bila madhara, na bado akaamini kwamba la hamsini na moja litamuua, kwa kuwa hajawahi kuliacha hata moja lifike mwisho bila kufanya kitu.

Nyumbani nako kulikuwa na tafsiri zake. Mama yake, aliyeko Tanga, alimsikiliza kwenye simu akasema, “Mwanangu, hayo si ya hospitali. Njoo usomewe.” Alikwenda, akasomewa dua, akalala kwa shangazi yake wiki nzima, akala vizuri, na hakupatwa na kitu. Siwezi kuidharau wiki ile. Mtu aliyeogopa kufa peke yake katika chumba cha kupanga alipata watu waliomzunguka na kumwombea. Lakini aliporudi Dar es Salaam, mwendokasi aliukuta ulivyo, na hofu yake juu ya moyo wake haikuwa imeguswa.

Aliyeligeuza jambo hili ni daktari mwanamke wa kliniki ya nje katika hospitali ya rufaa ya mkoa, ambako kijana alikwenda kuomba tena kipimo cha moyo. Ilikuwa mara ya nne. Daktari aliziangalia karatasi zake za vipimo, akaziweka kando.

“Likianza, wewe unaogopa kwamba nini kitatokea?”

“Nitaanguka nife, dokta. Kama baba yangu mdogo.”

“Na ukiwa unapandisha ngazi, au umebeba mzigo stoo, kifua kinauma?”

“Hapana. Huwa kinauma nikiwa nimekaa tu, au nipo kwenye gari.”

“Umewahi kuzimia?”

“Bado. Lakini kila mara nakaribia.”

Maswali hayo hayakuwa ya kupoteza muda. Maumivu ya kifua yanayokuja mtu anapotumia nguvu na kuachia akipumzika humfanya daktari aufikirie moyo kwanza. Vivyo hivyo kuzimia kweli kweli, hasa katikati ya mazoezi, au ndugu kadhaa kufa ghafla wakiwa vijana, au mapigo yanayoanza na kukatika ghafla bila mpangilio. Mtu mzima wa zaidi ya miaka 40, mwenye kisukari au presha, anayepata kifua kubana kwa mara ya kwanza, asijiambie kwamba ni hofu. Aende hospitali wakati huo huo. Daktari aliagiza pia kipimo cha wingi wa damu na cha homoni za tezi ya shingo, kwa kuwa upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya haraka, jasho na kutetemeka kunakofanana sana na huku. Akamuuliza habari za vile vinywaji vya makopo, pombe na mirungi. Majibu ya maabara yalirudi salama. Makopo, yeye mwenyewe alikiri, yalikuwa mawili kwa siku.

Kisha akamwambia kile ambacho hakuna aliyewahi kumwambia: kwamba alichonacho ni ugonjwa, una jina, na una tiba, na kwamba tiba yake iko kliniki ya afya ya akili, kwenye jengo la nyuma. Kijana alinyamaza. Alilijua jengo lile. Mtaani watu huliita kwa vichaa.

Alikaa wiki mbili kabla ya kwenda. Siku aliyokwenda aliwakuta kwenye benchi mwalimu aliyeshika madaftari ya kusahihisha, mama mwenye mtoto mchanga, na askari mmoja aliyevaa kiraia. Mwanasaikolojia aliyempokea alikuwa mama wa makamo. “Karibu, baba, kaa,” alimwambia, na akatoa karatasi nyeupe.

Kikao cha kwanza chote kilikuwa cha kuchora. Walianza na asubuhi ile ya Magomeni: nini kilitangulia, mwili ulihisi nini, wazo gani lilikuja, likafuatiwa na nini. Mistari ilipounganishwa, mzunguko ulionekana mbele yake kwa mwandiko wake mwenyewe. Akapewa kazi ya nyumbani: daftari lenye safu mbili. Ya kwanza, ninachotabiri kitatokea, na ninaamini kwa asilimia ngapi. Ya pili, kilichotokea. Safu ya pili haijazwi kwa kubahatisha. Inajazwa baada ya tukio.

Kikao cha pili ndicho kilichomshangaza. Alitarajia kufundishwa kutulia. Badala yake mwanasaikolojia alimwambia, “Leo tutavileta vitu vyako vyote hapa hapa chumbani.” Alimtaka aheme kwa kasi na kwa kina, ameketi kwenye kiti, kwa dakika moja. Kabla ya kuanza aliandika utabiri: nitazimia, asilimia 80. Sekunde ya ishirini kichwa kikaanza kuwa chepesi. Ya arobaini vidole vikafa ganzi, midomo ikamchonyota, moyo ukadunda. Zilikuwa ni zile zile za kwenye basi, moja baada ya nyingine, lakini safari hii amezileta mwenyewe kwa pumzi. Dakika ilipoisha alikatazwa kunywa maji, kushika meza na kujipima mapigo. Akae tu, aziangalie. Baada ya dakika tatu hivi zilikuwa zimeondoka. Hakuzimia. Walirudia mara mbili zaidi, na utabiri ukashuka hadi 30.

Mwanasaikolojia alimweleza ni kwa nini hakuzimia. Mtu huzimia damu inapopungua kichwani, mara nyingi kwa sababu presha imeshuka ghafla. Katika shambulio la hofu presha hupanda, kama muuguzi alivyoiona siku ya kwanza: 148. Kuzimia kwa hofu hutokea zaidi kwa watu wanaoogopa damu na sindano, ambao miili yao hushusha presha ghafla wanapoviona. Hao hutibiwa kwa namna tofauti kidogo.

Vikao vilivyofuata viliendelea hivyo. Alipumulia mrija mwembamba wa soda akiwa ameziba pua, ili azoee hisia ya kukosa hewa. Alizungushwa kwenye kiti hadi chumba kikazunguka. Alipanda ngazi za jengo mbio, akasimama juu akiusikiliza moyo bila kuushika. Nyumbani alirudia mazoezi hayo kila siku. Mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au mimba asijaribu haya bila daktari kumruhusu. Kwa kijana mwenye vipimo vilivyo salama, hayana hatari.

Swali ambalo wasomaji wengi watakuwa nalo ni kuhusu kuvuta pumzi taratibu, au kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi. Mfuko uachwe: kama mtu kweli ana pumu au tatizo la moyo, kumnyima hewa kunaweza kumdhuru. Pumzi za taratibu, kuvuta kwa pua na kuzitoa polepole kwa mdomo, zinasaidia, na si vibaya kumfundisha mtu aliyezidiwa. Hata hivyo wataalamu wengi huwa waangalifu nazo katika tiba yenyewe, kwa sababu zinaweza kugeuka kidonge kingine cha mfukoni: nimepona kwa kuwa nilipumua vizuri, nisingefanya hivyo ningekufa.

Kisha wakatoka chumbani. Waliandika ngazi ya safari, kutoka nyepesi kwenda ngumu: kusimama kituoni Kimara bila kupanda, kupanda hadi Ubungo saa nne asubuhi, basi likiwa na nafasi, kwenda hadi Magomeni, kwenda hadi Kariakoo, kwenda Kariakoo asubuhi ya kujaa, na mwisho, kufanya hivyo bila chupa ya maji na bila kidonge. Kila hatua ilirudiwa mpaka hofu ipungue, na kanuni ilikuwa moja: usishuke shambulio likiwa kileleni. Alivunja kanuni hiyo mara moja, Shekilango, akatoka mbio. Mwanasaikolojia hakumlaumu. Alimtaka arudie safari ile ile kesho yake, kabla hofu haijapata muda wa kuota mizizi, naye akarudia.

Dawa nazo zilikuwepo. Daktari wa magonjwa ya akili alimwandikia setralini, dawa ya kumeza kila siku ambayo taratibu huupunguzia ubongo wepesi wa kupiga king'ora. Alianza na nusu ya kidonge cha miligramu 50, yaani 25, kwa wiki ya kwanza, kisha kidonge kizima. Kuanza na kidogo kuna sababu. Siku za mwanzo dawa hizi zinaweza kuongeza wahaka, kichefuchefu na kukosa usingizi, na mgonjwa anayeogopa mwili wake huona hiyo ni dalili ya kuzidiwa, akaiacha siku ya nne. Yeye alikuwa ameonywa, akavumilia. Nafuu ilianza kuonekana wiki ya tatu.

Kuna jambo ambalo vijana wengi huliacha lipite kimya, nami sioni sababu ya kulificha. Dawa za kundi hili zinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kuchelewesha kufika kileleni. Kijana akiona hivyo, mara nyingi huacha dawa bila kumwambia mtu, na kuacha ghafla huleta kizunguzungu, wasiwasi na mitetemo ya ajabu kichwani, ambayo naye huidhania kuwa ni ugonjwa umerudi. Amwambie daktari. Dozi inaweza kurekebishwa, au dawa ikabadilishwa.

Diazepamu ni habari nyingine. Inatuliza haraka, na ndiyo maana ni hatari kwa ugonjwa huu. Ikitumika kila siku kwa wiki kadhaa mwili huizoea, kisha unadai zaidi; ikichanganywa na pombe inaweza kupunguza pumzi hadi mtu akafa. Isitoshe, humzuia mgonjwa kujifunza kile ambacho mazoezi yote haya yanajaribu kumfundisha. Daktari alimwuliza ana vidonge vingapi na anavimeza mara ngapi. Alikuwa hajafika kwenye kuvitumia kila siku, kwa hiyo aliweza kuviacha mara moja. Aliyevimeza kila siku kwa muda mrefu asifanye hivyo. Hupunguziwa polepole chini ya uangalizi, kwa kuwa kukatisha ghafla kunaweza kuleta degedege.

Baada ya vikao kumi, vilivyochukua karibu miezi mitatu kwa sababu wiki nyingine alikosa nauli au ruhusa, mambo yalikuwa hivi. Anapanda mwendokasi asubuhi. Amerudi uwanjani Jumapili. Makopo ameyaacha, na deni amelipangia malipo kwa msaada wa mjomba wake, ambaye hatimaye aliambiwa ukweli. Mwezi uliopita alipatwa na shambulio moja, tena kali, akiwa amesimama karibu na dereva. Aliandika kwenye daftari: utabiri, kufa, asilimia 15, kilichotokea, dakika nane, nikafika Kariakoo.

Dawa ataendelea nayo. Ushauri wa kawaida ni kutumia miezi sita hadi mwaka mmoja baada ya kupata nafuu, kisha kupunguza hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, maana wengi wanaoiacha mapema hurudiwa. Vikao sasa ni kimoja kwa mwezi.

Imebaki ngazi moja ambayo hakuiweka kwenye orodha ya mwanzo. Dada yake anaolewa Zanzibar, na boti kutoka Dar es Salaam huchukua karibu saa mbili baharini, ambako hakuna kituo cha kushuka. Kijana alipendekeza achukue kidonge kimoja cha diazepamu, si cha kumeza, cha kubeba tu. Mwanasaikolojia alikataa. Wakakubaliana badala yake avuke kwanza kwa pantoni ya Kigamboni, kwenda na kurudi, mara tatu wiki hii, akiwa amesimama katikati ya watu na si pembeni. Utabiri wa boti ameshauandika, asilimia 40. Safari ni Ijumaa, na ameambiwa arudi kliniki Jumatano inayofuata akiwa na daftari, hata kama shambulio litakuwa limempata njiani, hasa kama litakuwa limempata.